Kupanda daraja kwenye ndege ukitokea Mwanza: kaunta, pointi au dau, na kipi hasa kinabadilika

Nakata tiketi hapa mjini Mwanza na wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa nguo, viatu na spea za simu, watu wanaoenda Guangzhou, Dubai na Istanbul mara mbili tatu kwa mwaka. Swali ambalo sa hivi naulizwa karibu kila wiki ni hili la apgredi, yani umekata ekonomi afu unataka kukaa bizinesi bila kulipa bei kamili ya bizinesi. Inawezekana kabisa na watu wanafanya, ila wengi wanalipia kitu ambacho hawajakielewa, wakifika uwanjani ndo wanagundua mzigo haujaongezeka au launji, ule ukumbi wa kupumzikia wa daraja la juu, hawaruhusiwi, na hapo hela ishakatwa tayari.

Kwahiyo kabla ya yote shika hili moja: ukipata apgredi kwa kaunta au kwa dau, yani bei unayopendekeza mwenyewe mtandaoni afu shirika linakubali au linakataa, unachonunua ni kiti cha daraja la juu kwenye KIPANDE KIMOJA cha safari. Tiketi yako inabaki ileile ya ekonomi uliyokata. Masharti yake ya kubadilisha tarehe, ya kurudishiwa hela, na pointi za safari utakazopata, mara nyingi yote hayo yanabaki ya ekonomi. Vingine kama mzigo na launji vinategemea shirika na aina ya apgredi, na hapo ndo pa kusoma kwa macho mawili.

Nitakuonyesha kwa safari ya dada mmoja anayeuza nguo pale Makoroboi, nilimshika mkono mwanzo mpaka mwisho. Shirika silitaji. Alikuwa na tiketi ya kwenda na kurudi Dar hadi Guangzhou, anabadilisha ndege katikati kwenye mji mmoja wa Ghuba, dola 980. Bizinesi ya safari hiyohiyo siku ile ilikuwa dola 2,900. Tofauti ni dola 1,920 na hakuna mtu wa duka dogo anayetoa hela hiyo kwa ajili ya kiti. Ila alikuwa anafika Guangzhou asubuhi na kuingia sokoni mchana uleule, siku zake zilikuwa nne tu, akaniambia "kaka, safari iliyopita siku ya kwanza nilinunua vibaya kwa sababu ya usingizi, sitaki tena." Hiyo sababu nilimkubalia, maana ukikosea saizi kwenye mabunda mawili ya jinzi hasara yake inazidi hela ya kiti.

Hatua ya kwanza: isome tiketi kwanza

Chukua tiketi yako, ile karatasi au PDF, utafute vitu vinne.

Cha kwanza ni namba ya bukingi, herufi na tarakimu sita, hiyo ndo utaingizia kwenye websaiti ya shirika. Cha pili ni namba ya tiketi yenyewe, tarakimu 13. Tatu za mwanzo zinakwambia tiketi ni ya nani: 197 ni Air Tanzania, 071 ni Ethiopian, 176 ni Emirates, 157 ni Qatar, 706 ni Kenya Airways, 235 ni Turkish, 074 ni KLM. Cha tatu ni maneno `Operated by` chini ya kila kipande. Kama tiketi ni ya shirika moja lakini ndege inarushwa na jingine, kwa kawaida dau halitakubaliwa kwenye kipande hicho, na apgredi ya pointi nayo inakuwa ngumu. Cha nne ni herufi ya daraja la bei, herufi moja tu mbele ya kila kipande. Ekonomi siyo moja jamani, ndani yake kuna herufi nyingi na kila herufi ina masharti yake, ndo maana watu wawili wamekaa siti jirani mmoja anaruhusiwa kupanda kwa pointi na mwenzake haruhusiwi.

Afu kuna jambo la imeili, naliandika hapa kwa sababu nimeona watu wengi linawapita. Ofa ya dau inatumwa kwa imeili iliyomo kwenye bukingi. Wakala wengi tunaweka imeili ya ofisi, kwahiyo ofa inakuja kwetu, inakaa kwenye boksi na matangazo mengine, mteja hajui lolote. Siku ya kukata mwambie wakala aweke imeili yako na namba yako ya simu. Kama ushakata, fungua websaiti ya shirika mwenyewe, ingiza bukingi na jina la ukoo, angalia kama kuna sehemu ya kupandisha daraja. Tiketi za kundi na za bei maalumu mara nyingi haitokei kabisa, ukiona haipo mpigie wakala akuhakikishie kuliko kukaa unasubiri.

Jina nalo liwe moja na pasipoti. Hii unaijua.

Hatua ya pili: chagua kipande

Safari ya kutoka Mwanza hadi China kupitia Ghuba ina vipande vitatu kwenda na vitatu kurudi. Usipandishe vyote.

Kipande cha Mwanza na Dar ni kama saa moja na nusu. Airbus A220 ya Air Tanzania ina viti 132, vya bizinesi 12. Ile ya mapanga, Q400, ina viti 76 na vya mbele ni sita tu. ATR za Precision ni daraja moja, hakuna pa kupanda. Hata ukikaa mbele unachopata ni nafasi ya magoti, unahudumiwa mwanzo, unashuka mwanzo, kiti hakigeuki kitanda. Kwa mtu mrefu au mwenye mgongo mbovu sawa, kwa mwingine hiyo hela atunze.

Cha muhimu zaidi ni kwamba kipande hiki mara nyingi kinakuwa tiketi ya peke yake, shirika jingine. Kaunta ya Mwanza pale haiwezi kukuuzia apgredi ya ndege ya kimataifa ya watu wengine, msiwasumbue wale vijana. Na kama ndege ya Mwanza ikichelewa ukakosa ile ya Dar, shirika la kimataifa halikudai wala hulidai, linakuhesabu hujatokea, na hela ya apgredi inakwenda pamoja na tiketi. Ukishalipia apgredi basi lala Dar, nenda jana yake. Nawaambia wateja wangu hivyo kila mara na nitaendelea kuwaambia.

Vipande viwili vilivyobaki, uliza maswali mawili: ni usiku au mchana, na ni ndege gani. Bizinesi ya ndege nyembamba yenye njia moja katikati, mfano 737, mara nyingi ni kiti kipana kinachoegama tu. Bizinesi ya ndege pana yenye njia mbili, kama 787, 777 au A350, kwa mashirika makubwa kwa kawaida ndo unakuta kiti kinacholala flati kabisa. Aina ya ndege imeandikwa kwenye bukingi, na ukifungua ramani ya siti utaona mpangilio. Kwa huyu dada Dar hadi Ghuba ilikuwa saa tano na nusu, mchana. Ghuba hadi Guangzhou karibu saa nane, usiku, ndege pana. Tukachagua hiyo ya usiku peke yake.

Hatua ya tatu: jaribu pointi, ila piga hesabu

Alikuwa na pointi 41,000 za shirika lilelile, na apgredi ya kile kipande ilihitaji 38,000. Akafurahi, mimi nikamwambia tulia kwanza. Tukaingiza bukingi kwenye apu, ikakataa: herufi ya tiketi yake ilikuwa ya bei ya chini kabisa, hairuhusiwi. Ili iruhusiwe ilibidi aongeze dola 210 kupanda herufi. Hapo ujue 38,000 pointi pamoja na dola 210, siyo bure tena.

Na hata tiketi ikiruhusu bado kuna mlango wa pili. Watu wanaangalia ramani ya siti, wanaona bizinesi iko nyeupe tupu, wanasema mbona wananinyima. Ile ramani haionyeshi viti vilivyouzwa, inaonyesha viti vilivyochaguliwa, kuna watu wamelipa bizinesi na hawajachagua siti. Na viti vya kutolewa kwa pointi vina fungu lake, shirika linaweza kuwa na viti kumi vitupu na fungu la pointi likawa sifuri kwa sababu bado linategemea kuviuza kwa hela. Karibu na safari fungu linaweza kufunguka. Kwahiyo angalia siku unayokata, afu rudi angalia wiki ya mwisho, asubuhi na jioni.

Hesabu ya pointi ni rahisi. Chukua hela ambayo ungelipa kwa njia nyingine ugawe kwa pointi. Kama dau la dola 310 lingekupa kiti kilekile cha pointi 38,000, basi kila pointi elfu moja zimekununulia kama dola nane na senti kumi na tano hivi. Sasa linganisha na matumizi mengine ya pointi hizohizo, mfano tiketi ya bure ya Dar hadi Dubai. Kama kule zinakupa zaidi, ziache. Na usinunue pointi kwa hela ili upate apgredi kabla hujaona kwa macho yako kwamba fungu lina kiti, maana pointi ulizonunua mara nyingi hawarudishi.

Faida ya pointi ni kwamba mara nyingi unapata jibu palepale, unaondoka umeshajua. Kwa mwenye mtoto anayesoma Uingereza na anaanzia safari kule, kuna kodi ya abiria inaitwa APD ambayo daraja la juu ni kubwa kuliko ekonomi, kwahiyo pointi zitalipa kiti lakini tofauti ya kodi utaitoa mfukoni.

Hatua ya nne: kuweka dau

Hapa nitakaa kidogo, ndo njia ambayo watu wetu wengi wanaweza kuitumia na ndo inayowachanganya.

Mashirika mengi hayakutengeneza mfumo wao wenyewe, wanatumia wa kampuni ya Kanada inaitwa Plusgrade, kwahiyo ukishaujua kwa shirika moja umejua kwa mengi. Unaingiza bukingi na jina, unaonyeshwa vipande vinavyoruhusiwa, kila kimoja kina kitufe cha kusogeza kushoto na kulia chenye kiwango cha chini na cha juu. Dada yetu aliona chini dola 260, juu 850. Pembeni kuna mshale unaotoka nyekundu kwenda kijani kuonyesha nguvu ya dau.

Huo mshale usikutishe. Unakwambia dau lako ni dogo au kubwa kwa vipimo vya shirika, haukwambii viti vingapi vimebaki wala wangapi wameweka dau. Ndege ikiwa na viti kumi vitupu na walioweka dau wanne, hata mwekundu unaweza kupita. Ikiwa na kimoja, kijani kinakosa. Kwahiyo usisukumwe na rangi, weka kikomo chako kabla hujafungua ukurasa. Mi natumia saa: kulala flati saa nane za usiku kuna thamani gani kwako? Yeye alisema hatazidisha dola 40 kwa saa, nikamwambia basi kikomo ni 320. Tukaweka 310. Juu ya kiwango cha chini kidogo ni vizuri, kwa sababu wengi wanaacha kitufe kilekile pale pa chini.

Mambo yanayowapata watu hapa ni haya. Dau ni kwa kila mtu na kwa kila kipande. Ukiwa na mkeo kwenye bukingi moja, 310 ni 620, na kwa kawaida wanapandishwa wote au hapandi mtu. Kama mnataka apande mmoja, wakala agawanye bukingi kabla ya kuweka dau. Ila msigawanye bukingi yenye mtoto mkamwacha mtoto peke yake, hapo mtapata matatizo makubwa kuliko kiti.

La pili ni kadi. Hela haikatwi siku unayoweka dau, inakatwa siku wanayokubali, ambayo inaweza kuwa wiki mbili baadaye, saa nane usiku. Wengi wanaweka dau salio lipo, wanaendelea kununua dola za mzigo, siku ya kukatwa kadi ina elfu ishirini. Kadi ikikataa umekosa, anapewa mwingine. Na kadi nyingi za benki zetu malipo ya mtandaoni ya nje yamefungwa mpaka uende benki au upige simu wafungue, na kuna kikomo cha siku. Ingia tawini mapema, waambie nataka kulipa nje mtandaoni kiasi hiki, jaribu na kitu kidogo uone inapita. Kumbuka dau ni la dola na benki itabadilisha kwa bei yake, acha nafasi juu.

La tatu ni tarehe ya kufunga. Unaweza kubadilisha au kufuta dau mpaka saa fulani kabla ya safari, mara nyingi ni kati ya siku tatu na siku moja, imeandikwa kwenye masharti. Wakishakubali hakuna kurudi. Ukiahirisha safari mwenyewe baada ya hapo, tiketi itafuata masharti yake ila hela ya apgredi imekwenda.

Kabla hajabonyeza tukafungua masharti, nikamwambia soma sehemu ya mzigo kwa sauti. Akasoma: mzigo utabaki kama tiketi ya awali. Akanyamaza. Yeye mawazo yake yalikuwa aweke dau na la kurudi vilevile apate kilo, kwa sababu kilo ndo maisha yake. Kumbe kwa dau la shirika lile kilo haziongezeki. Basi la kurudi tukaliacha, tukaweka la kwenda peke yake ambako anataka usingizi tu na begi lake ni moja. Mistari miwili ile ya masharti ilimwokolea zaidi ya dola mia tatu. Shirika jingine linaweza kutoa kilo za bizinesi hata kwa dau, siyo yote yanafanana, ndo maana nasema soma ya shirika lako na siyo ya jirani.

Saa thelathini kabla ya safari imeili ikaingia: limekubaliwa. Alikuwa Dar tayari kwa dada yake Ubungo.

Hatua ya tano: kagua kilichobadilika

Ukikubaliwa, fungua bukingi tena siku hiyohiyo. Siti uliyokuwa umechagua ekonomi imefutika, na kama uliilipia, yeye alilipa dola 25 akae dirishani, hiyo kwa kawaida hairudi. Kwahiyo kama una mpango wa dau usilipie siti ya kipande hicho mapema. Chagua siti mpya ya bizinesi haraka. Chakula maalumu nacho, kama ni cha kisukari au cha mboga, kiombwe upya, usidhani kimehamia. Chakula cha mle ndani ni cha daraja jipya, hiyo haina shida.

Pale Terminal 3 Dar alipewa bodingi pasi mbili, akanipigia picha. Ya kwanza, Dar hadi Ghuba: `ECONOMY`, siti 31K, kundi la kupanda la nne. Ya pili, Ghuba hadi Guangzhou: `BUSINESS`, siti 5A, kundi la kwanza. Hizo karatasi mbili zikiwekwa sambamba zinaeleza kila kitu. Akauliza, "kaka, launji ya hapa Dar siingii?" Huingii dada, launji inafuata kipande unachoondokea, na kipande cha Dar ni ekonomi. Kule Ghuba aliingia kwa ile ya pili, akaoga, akala, akasubiri saa tatu zake vizuri. Tena hata hilo masharti yake yalisema ndiyo. Kuna mashirika yanauza apgredi bila launji, na mashine ya mlangoni inakataa hata kama pasi imeandikwa `BUSINESS`.

Ndani alilala kwa muda wa saa sita. Alipofika akanitumia ujumbe "wabeja kaka, nimeamka Guangzhou."

Hatua ya sita: kaunta

Wakati wa kurudi, kaunta ya Guangzhou wenyewe ndo walimwambia kuna nafasi bizinesi mpaka Ghuba, dola 420. Hii ya kaunta ni bei yao, imetoka kwenye mfumo, siyo soko, yule binti hana uwezo wa kupunguza. Nikawa nimempa maswali manne ayaulize kabla hajatoa kadi, na nakupa na wewe:

1. Hiyo bei ni jumla na kodi, au kuna kingine?
2. Mzigo wangu unakuwa mabegi mangapi ya kilo ngapi, na mpaka mji gani?
3. Launji imo?
4. Ndege ikibadilishwa nikarudishwa ekonomi, hela inarudi kwa njia gani?

Jibu la pili ndo lilimfanya alipe. Tiketi yake ilikuwa mabegi mawili ya kilo 23, yani 46. Apgredi ya kaunta ilikuja na mabegi mawili ya kilo 32, yani 64, mpaka Dar. Zimeongezeka kilo 18. Begi la ziada pale kaunta walimtajia dola 190, na alikuwa anahitaji kweli kwa sababu mizani ilikuwa inasoma 61. Kwahiyo 420 toa 190, kitanda kimemgharimu 230. Angekuwa na mzigo mdogo nisingemshauri.

Angalia lakini lile neno "mpaka mji gani". Amepanda daraja kipande cha kwanza tu, cha pili Ghuba hadi Dar bado ekonomi. Kwa kawaida mzigo ukishapokelewa na kubandikwa lebo ya DAR unakwenda mpaka mwisho kwa kilo zilizokubaliwa mwanzo, ila mfanye aseme, na uangalie lebo imeandikwa `DAR` kabla begi halijaondoka kwenye mkanda. Na begi lililopita kwenye mkanda kabla hujalipa apgredi halina lebo ya kipaumbele. Ukitaka litoke mapema sema palepale warudishe.

Risiti ya apgredi siyo ile ya mashine ya kadi. Ni hati inaitwa EMD, ina namba yake ya tarakimu 13 inayoanza na zile tatu za shirika. Iombe, au ipige picha. Ndege ikibadilishwa, ikaletwa ndogo, ukarudishwa nyuma, unadai kwa namba ya EMD, ukiwa na risiti ya kadi peke yake utazungushwa miezi.

Swali la kupandishwa bure kwa kuvaa suti na kuongea vizuri, jibu ni fupi. Wanapandisha bure pale ekonomi imeuzwa kupita viti, na mfumo unaanza na wenye kadi za ngazi ya juu za shirika. Vaa nguo zitakazokupa raha saa nane.

Na kama unataka kununua kaunta, Dar fika mapema saa tatu kabla. Wakikwambia hakuna, uliza tena kwenye dawati la transiti kule katikati, kwa kile kipande kirefu. Wanaokosa ndege wanaachia viti dakika za mwisho.

Hatua ya saba: Dar hadi nyumbani

Hapa ndo bizinesi inaisha kabisa. Ametua Dar na kilo 61, tiketi ya Dar hadi Mwanza ni nyingine na ina kilo 23. Bizinesi ya jana haimhusu mtu wa kaunta ya ndani, na ana haki. Zilizobaki kilo 38, akilipia ziada ya ndege kwa kilo, ile faida ya Guangzhou yote inaliwa pale.

Alichofanya ni kupanga mapema. Akapanga upya mabegi pale Dar, moja la kilo 23 lenye sampuli na vitu vya bei akapanda nalo ndege, lingine akamwachia mdogo wake akalipeleka Mbezi, stendi ya Magufuli, likapandishwa basi la Mwanza kama kifurushi. Alitua Mwanza saa tano asubuhi, kesho yake mchana akaenda Nyegezi na risiti ya basi, begi likashushwa, lebo ya Guangzhou bado imening'inia kwenye mkono wake.